Omba hati ya mshahara ya Julai: namna ya kupima kazi ya msimu kwenye mashamba ya maua ya Naivasha

Mtu anayefika Karagita au Kamere mwezi wa Novemba kutafuta kazi ya maua hukutana na habari njema tupu. Mashamba yanaandika watu, mabasi ya wafanyakazi yanajaa alfajiri, na kila ploti ina mtu anayesema kwamba kwao malipo ni mazuri. Anachosikia ni malipo ya msimu wa juu, yaani kipindi ambacho shamba linajiandaa kwa soko la Ulaya la tarehe 14 Februari, pamoja na ovataimu yake yote. Hakuna anayemweleza habari za Julai, wakati Ulaya iko katika kiangazi, maua yao wenyewe yamechanua, na oda za waridi kutoka Kenya zimepungua. Kazi ya msimu inapaswa kupimwa kwa mwaka mzima, na njia fupi ya kuupata mwaka huo ni kumwomba mfanyakazi wa shamba unalolilenga akuonyeshe hati yake ya mshahara ya Julai, ile ambayo wengi huita peisilipu, uilinganishe na ya Februari.

Mwongozo huu unahusu Naivasha, mahali nilipofanya kazi ya kugredi waridi kabla ya kuchaguliwa kuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Aliyeko Thika, Timau au Kericho atatumia hesabu hizihizi. Aliye katika mboga za kuuza nje, kama vile mishiri, abadili kalenda tu, kwa sababu mboga hizo hufuata majira ya baridi ya Ulaya na hazitegemei sikukuu moja.

Hatua ya kwanza: soma tarehe ya mwisho kabla ya mshahara

Mkataba wa msimu huwa na tarehe mbili, na ile ya mwisho ndiyo inayokueleza shamba linakutaka kwa kazi gani. Mkataba unaokwisha mwishoni mwa Februari ni mkataba wa Valentaini. Waridi la soko hilo hukatwa kuanzia nusu ya pili ya Januari hadi siku chache baada ya tarehe 5 Februari, na kabla ya katikati ya mwezi kazi ya pakihausi, mahali pa kufungia maua, huwa imeshuka. Mkataba unaofika mwisho wa Mei unaonyesha kwamba shamba lina oda za Siku ya Wanawake ya tarehe 8 Machi, za Siku ya Akina Mama ya Uingereza ambayo kwa kawaida huangukia Machi, na za nchi nyingine zinazoiadhimisha Mei. Ukipewa mkataba unaovuka Julai, hata kama mshahara wake ni mdogo kidogo, usiupuuze, kwani shamba limekuhesabu ndani ya miezi ambayo wengine hurudishwa nyumbani.

Uliza vilevile utapangwa wapi. Mkataji anayekabidhiwa vitanda vyake ndani ya grinihausi ana nafasi nzuri zaidi ya kubaki kuliko aliyeletwa pakihausi kusaidia kufunga maboksi, kwa sababu kitanda cha waridi huhitaji mkono mwaka mzima, ilhali wingi wa maboksi huja na kwenda. Hii si kanuni ya sheria. Ni desturi ya kazi tu, na yapo mashamba yanayofanya kinyume chake.

Mkataba wowote wa miezi 3 au zaidi, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, lazima uwe wa maandishi, nao unapaswa kutaja kazi yenyewe, mshahara, saa za kazi na muda. Ukiambiwa utie sahihi kwenye karatasi ambayo nafasi ya tarehe iko wazi, ombeni kwa pamoja ijazwe kwanza, kisha piga picha ya kila ukurasa kwa simu. Wanaokuja kuniomba msaada baadaye huwa hawana nakala, na bila nakala mazungumzo yote hubaki kuwa neno lako dhidi ya neno la ofisi ya wafanyakazi.

Hatua ya pili: tenganisha mshahara wa msingi na vinavyouzunguka

Ukiambiwa shamba linalipa elfu kumi na tano, swali la kwanza ni hili: katika hizo, mshahara wa msingi ni kiasi gani, posho ya nyumba ni kiasi gani, na ovataimu ni kiasi gani? Vitu hivi vitatu haviishi maisha sawa. Ovataimu hutoweka Machi. Posho ya nyumba hutoweka ukipewa chumba cha kampuni. Mshahara wa msingi ndio unaobaki.

Kiwango cha chini cha serikali kwa kibarua wa kilimo asiye na ujuzi, kilichotangazwa Novemba 2024, kilikuwa takriban shilingi 7,997 kwa mwezi bila posho ya nyumba. Mashamba ambayo wafanyakazi wake wanawakilishwa na KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba makubwa na kilimo, hulipa kwa mkataba wa pamoja uliojadiliwa na chama cha waajiri wa kilimo, na viwango vyake huwa juu ya hicho cha serikali. Kwa hiyo uliza mambo mawili: je, shamba limo katika mkataba wa pamoja, na je, wafanyakazi wa msimu wanaingizwa humo au wanawekwa kando? Mwakilishi wa chama kwenye shamba anapaswa kuweza kukufungulia ukurasa unaowahusu. Akisema hajui ulipo, umeshajifunza jambo kuhusu chama cha shamba hilo.

Kisha kuna makato. Kwa mtu wa kipato hiki kodi ya mapato kwa kawaida haimfikii, lakini matatu humfikia kila mmoja: asilimia 6 ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA ambayo haipungui shilingi 300, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba nafuu. Jumla yake ni zaidi kidogo ya shilingi kumi katika kila mia. Ongeza ada ya chama ikiwa ipo, na mkopo wa Sako kwa aliyekopa. Sheria hairuhusu makato yote kwa pamoja kuzidi theluthi mbili za mshahara, nao mwajiri anawajibika kukupa hati inayoonyesha kila kato.

Kuhusu tageti, nitasema machache. Kila shamba lina idadi ya shina ambayo mgredi anatakiwa kumaliza kwa saa, na idadi hiyo hubadilika kulingana na aina ya waridi na urefu wa shina. Usiulize tageti ni ngapi peke yake. Uliza pia asiyeifikia hufanywa nini, kwa kuwa kwenye mashamba mengine hupewa barua ya onyo, na barua ya onyo ya mwezi wa tatu ndiyo hukutwa juu ya faili mkataba unapojadiliwa.

Hatua ya tatu: kipe chumba bei yake

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba inayofaa karibu na kazi, au amlipe kiasi cha kutosha kodi ya nyumba juu ya mshahara wake, isipokuwa pale mkataba unaposema wazi kwamba fedha za nyumba zimeshaunganishwa ndani ya mshahara. Sentensi hiyo ya kuunganisha itafute kwa makini. Huwa fupi, huwa katikati ya aya nyingine, na akishaitilia sahihi mtu hawezi tena kudai posho pembeni.

Chumba cha kampi huonekana kama zawadi, na mara nyingi ni faida ya kweli, kwa kuwa kodi ya ploti huliwa kila mwezi hata kama hakuna kazi. Kabla ya kukikubali, kitembelee jioni, wakati watu wametoka kazini na foleni za maji na choo zinaonekana zilivyo. Hesabu milango inayotumia choo kimoja. Uliza kama mtoto anaruhusiwa, kwa sababu vipo vyumba vya watu wazima pekee, na mzazi anayemwacha mtoto kwa bibi yake hulazimika kutuma fedha ambazo hazionekani kwenye hesabu yoyote ya shamba. Uliza kama maji na umeme hukatwa kwenye mshahara.

Swali kubwa kuliko yote hayo ni siku ngapi unapewa za kuhama mkataba unapokwisha. Mimi mwenyewe, katika shamba ambalo sitalitaja, nilipokea barua ya kumaliza mkataba siku ya Ijumaa saa tisa alasiri, na Jumapili asubuhi askari wa kampi alikuja kuchukua ufunguo. Godoro langu lilikaa kwenye veranda ya rafiki siku nne, chini ya nailoni nyeusi ya grinihausi iliyochakaa, huku nikizunguka Kwa Muhia kutafuta ploti isiyodai amana ya miezi miwili. Masharti ya kuhama yalikuwa yameandikwa kwenye fomu ya kupokea ufunguo, wala si kwenye mkataba, na fomu hiyo nilikuwa nimeitia sahihi bila kuisoma. Soma fomu ya ufunguo.

Hatua ya nne: fanya hesabu ya miezi kumi na miwili

Binti wa jirani yangu alikuwa na nafasi mbili mkononi, na tulizikokotoa pamoja nyuma ya bahasha. Nimezikata tarakimu zake ziwe nyepesi kufuata, na makato nimeyaweka kwa viwango nilivyovitaja.

Shamba la kwanza liliahidi mshahara wa msingi wa shilingi 10,500 na posho ya nyumba ya 2,000, jumla 12,500. Mkataba ulikuwa wa miezi minne kuanzia Novemba. Wafanyakazi wake walimwambia kwamba kwa kawaida huongezwa hadi mwisho wa Mei, watu hukaa nyumbani Juni, Julai na Agosti, kisha huitwa tena Septemba. Hiyo ni miezi tisa ya kazi. Baada ya makato hubaki karibu 11,219 kwa mwezi, na mara tisa ni 100,971. Ovataimu ya miezi miwili ya juu tuliikadiria kuwa 6,000, ambayo baada ya makato ni 5,385. Kodi ya ploti ni 3,000 kwa miezi yote kumi na miwili, yaani 36,000, maana mwenye nyumba hana msimu wa chini. Linalobaki kwa mwaka ni 70,356, sawa na takriban 5,863 kwa kila mwezi wa kalenda.

Shamba la pili liliahidi msingi wa 9,600 tu na chumba cha kampi bila kodi. Mkataba wa miezi sita, na wenyeji wakasema huongezwa bila pengo. Makato ni 1,020, kwa kuwa bima ya afya inagonga kile kima chake cha chini cha 300. Tukatoa 300 nyingine za maji na umeme. Anabaki na 8,280 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 99,360.

Shamba ambalo langoni linaonekana kulipa pungufu kwa shilingi 2,900 kila mwezi linamwachia, mwisho wa mwaka, shilingi 29,004 zaidi. Hata akiachia ploti na kwenda kwao miezi mitatu ya kiangazi cha Ulaya, na hivyo kuokoa kodi ya 9,000, shamba la kwanza bado liko nyuma kwa zaidi ya elfu ishirini.

Lakini ushindi huo wa shamba la pili unasimama juu ya mguu mmoja, nao ni kuongezewa mkataba. Akifanya kazi huko miezi tisa tu na kukaa miezi mitatu bila kazi, anapoteza mshahara na chumba kwa mpigo, na inambidi apange ploti kwa 3,000. Miezi tisa mara 8,280 ni 74,520. Ukitoa 9,000 ya ploti hubaki 65,520, na sasa liko chini ya shamba la kwanza. Tulipotafuta mahali ambapo mizani inalingana, tulikuta ni kazi ya karibu miezi tisa na nusu. Kwa hiyo swali lake halikuwa tena lipi linalipa vizuri. Lilikuwa: je, katika shamba la pili watu wa msimu kweli hufanya kazi kupita miezi tisa na nusu kwa mwaka? Swali hilo lina ushahidi wa kutafutwa.

Hatua ya tano: tafuta ushahidi wa kuongezwa kwa mkataba

Ahadi ya mdomo ya kwamba mkataba utaongezwa ukifanya kazi vizuri haina uzito mkubwa wa kisheria. Mahakama za Kenya zimeshikilia mara nyingi kwamba mkataba wa muda maalumu hukoma wenyewe tarehe yake inapofika, na kwamba anayedai alikuwa na haki ya kutarajia nyongeza lazima aonyeshe jambo ambalo mwajiri alilitenda au kulisema lililomjengea tarajio hilo. Ndiyo maana ushahidi hutafutwa kabla ya kuingia.

Tafuta watu watatu waliokuwa shambani humo kwa Julai mbili zilizopita, na wasiwe marafiki wa mtu mmoja. Omba kuona hati ya mshahara ya Julai. Iangalie sehemu ya juu, penye namba ya kazi na tarehe ya kuajiriwa. Ikiwa mtu anakwambia yupo hapo mwaka wa nne lakini tarehe ya kuajiriwa inasema Septemba iliyopita na namba yake ni mpya, basi kila mkataba unahesabiwa kama mwanzo mpya. Atakuwa na miaka minne ya vumbi la grinihausi na utumishi wa miezi michache kwenye karatasi, na siku shamba litakapopunguza watu, fidia ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia itahesabiwa kwake kana kwamba ni mgeni, mpaka yeye mwenyewe aupinge mpangilio huo. Asiye na hati aombe taarifa yake ya michango ya NSSF: miezi yenye michango na miezi mitupu husimulia habari ileile, na shamba haliwezi kuipamba.

Jambo la pili la kuchunguza ni nani anayetoa orodha ya wanaobaki. Pale ambapo ofisi ya wafanyakazi hutoa orodha kwa kufuata mahudhurio na barua za onyo, na kuibandika ukutani, mtu anaweza kujua anasimama wapi. Pale ambapo supavaiza anaandika majina kwenye daftari lake peke yake, ndipo chai hudaiwa, na wakati mwingine kwa wanawake hudaiwa kitu kibaya kuliko chai. Sheria inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na tamko la maandishi la kupinga unyanyasaji wa kingono na awafahamishe wafanyakazi wake. Uliza limebandikwa wapi na malalamiko hupokelewa na nani. Ukiambiwa na wanawake wawili wasiojuana kwamba jibu ni supavaiza yuleyule, usiende.

Tofautisha pia mkataba wa msimu na kazi ya kibarua cha siku. Anayelipwa kwa siku na akafanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au akapewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa ameajiriwa kwa mwezi, na analindwa hivyo. Ndiyo sababu baadhi ya vibarua husimamishwa ghafla siku mbili kabla ya mwezi kutimia, kisha wakaitwa tena Jumatatu. Ukiona mtindo huo, andika tarehe kwenye daftari kila siku uliyoingia langoni.

Hatua ya sita: siku ya mwisho

Mkataba unapokwisha bila kuongezwa, bado kuna fedha ambazo wengi huziacha ofisini. Aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo au zaidi anastahili likizo ya siku moja na robo tatu kwa kila mwezi. Kwa mkataba wa miezi minne hizo ni siku 7. Ikiwa hukuzichukua, zinalipwa, na kwa mshahara wa 12,500 ni kati ya shilingi 2,900 na 3,400 kutegemea kama siku moja inapatikana kwa kugawanya mwezi kwa 30 au kwa 26. Ulizia ovataimu ya wiki mbili za mwisho, ambayo mara nyingi huwa haijaingizwa. Omba cheti cha utumishi chenye tarehe zote mbili, kwani hicho ndicho utakachokionyesha lango la pili.

Utaletewa karatasi inayosema kwamba umelipwa kila kitu na huna dai. Linganisha kwanza tarakimu zake na daftari lako. Pakiwa na tofauti, andika kwa mkono wako mwenyewe juu ya sahihi kwamba siku fulani za likizo au saa fulani hazijalipwa, upige picha, kisha uende kwa mwakilishi wa chama au kwa afisa wa leba wa eneo. Dai la ajira lina muda wa miaka 3 kisheria, ila picha ya karatasi hiyo itakuwa na nguvu zaidi ikiwa imepigwa siku ileile.

Binti wa jirani alipata hati mbili za Julai kutoka shamba la pili. Moja ilikuwa na mwezi kamili. Nyingine ilikuwa na siku kumi na sita, na mwenyewe alikuwa wa pakihausi. Akaomba apangwe kwenye vitanda, wakamkubalia, akahamia kampi na meko ya gesi na ndoo mbili, na fomu ya ufunguo aliisoma akiwa amesimama.